Taya la mpwa wangu na bigijii za Mwanjelwa

Mpwa wangu alirudi kutoka JKT akiwa na taya. Analo tangu azaliwe, ila sasa lilikuwa linaonekana: mstari umechongeka kutoka chini ya sikio hadi kidevuni, na mwenyewe hakosi kujitazama kwenye kioo cha kila bajaji inayosimama. Nilipomsifu akanipa siri. "Ni mazoezi, shangazi." Asubuhi anatafuna bigijii tatu kwa mpigo, anazonunua Mwanjelwa, nusu saa nzima. Jioni nusu saa nyingine. Kati ya hapo anabana ulimi kwenye kaakaa, kwa sababu kuna kijana kwenye simu anayefundisha kwamba ulimi husukuma mfupa wa uso mbele.

Kazi yangu ni fiziotherapia, hapa hapa Mbeya. Watu waliopooza upande mmoja wa uso huja kwangu tukae mbele ya kioo, tufundishe upya shavu kuinuka na jicho kufumba. Kwa hiyo sina ugomvi na mazoezi ya uso, yananilisha. Ninachobishia ni mfupa.

Nikamkalisha kwenye kigoda jikoni. "Weka vidole juu ya kona ya taya, chini kidogo ya sikio. Uma meno." Kitu kikatuna chini ya vidole kama kiazi mbatata kidogo. "Legeza." Kikalala. Kinachotuna na kulala hivyo ni msuli wa kutafunia, unaoitwa masseta. Huo ukipewa kazi ngumu kila siku unanenepa kama msuli mwingine wowote, na ndiyo maana wanaosaga meno usingizini baadhi yao wana nyuso zilizopanuka chini. Mfupa hautuni ukiuma meno. Alichokijenga mpwa wangu, kama kweli alijenga kitu, kilikuwa nyama juu ya mfupa.

Nasema kama, kwa sababu nilimuuliza swali la pili: uzito. Alienda JKT na kilo 71, akarudi na 63. Kilo nane hazitoki kiunoni peke yake. Zinatoka pia chini ya kidevu na mashavuni, na mafuta hayo yakipungua, taya lililokuwa limefunikwa linajitokeza. Bigijii ilipewa sifa za kukimbia mchakamchaka alfajiri.

Sasa mfupa wenyewe. Si kweli kwamba mfupa wa mtu mzima ni jiwe. Kila wakati kuna seli zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga, na mzigo unaoubeba una usemi: mkono anaopigia mcheza tenisi huwa na mfupa mnene kuliko mwenzake, hasa kama alianza utotoni. Hata taya hujibu. Bibi aliyeng'olewa meno yote, ukingo wa taya uliokuwa umeyashika husinyaa mwaka hadi mwaka, kidevu kikasogelea pua, kwa kuwa hauna tena kazi ya kufanya. Lakini tazama ni nini kilichohitajika hapo: meno yote yametoka na miaka imepita. Na mabadiliko yenyewe ni ya kupungua.

Misuli ya kutabasamu, kununa na kupuliza haina nguvu ya namna hiyo. Mingi imeshikwa mfupani upande mmoja tu, upande wa pili imejishona kwenye ngozi. Ndiyo maana ukitabasamu kinachosogea ni ngozi. Ukivuta kamba ambayo mwisho wake umefungwa kwenye kitambaa, nyumba haihami. Umri nao una neno. Mifupa ya uso hukua hadi mwisho wa ujana, taya la chini likiwa la mwisho, kwa wavulana hadi karibu miaka 18 au 20. Mpwa wangu ana 19. Kama taya lake liliongezeka milimita mwaka huu, lilikuwa linamalizia safari yake.

Jambo la meno nalikubali, maana najua atanijibu. Meno husogea yakisukumwa taratibu kwa saa nyingi, ndivyo waya za meno zinavyofanya kazi. Ila jino limening'inizwa ndani ya nyuzi laini, na kulihamisha jino si kuhamisha shavu.

Basi uimara wa uso, yaani mashavu yasilegee kwa umri, je? Hapa ushahidi upo, na ni wa kuvutia kuliko wauzaji wa mafunzo ya mazoezi ya uso wanavyoutangaza. Mwaka 2018 madaktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walichapisha utafiti wa wanawake wa miaka 40 hadi 65. Walianza 27, wakamaliza 16. Zoezi mojawapo lilikuwa hivi: fungua mdomo kama unatamka "o", funika meno ya mbele kwa mdomo wa juu, tabasamu hadi mashavu yapande, weka vidole juu yake kwa wepesi, shusha, rudia. Nusu saa kila siku kwa wiki 8, kisha siku moja ndiyo moja hapana hadi wiki ya 20. Madaktari walioonyeshwa picha bila kujua ipi ya kabla na ipi ya baada waliona mashavu yamejaa zaidi, juu na chini. Umri waliokadiria ulishuka kutoka 50.8 hadi 48.1. Sehemu nyingine za uso walizozipima hazikubadilika kwa kiasi cha kutajwa.

Dada mmoja wa kikundi chetu cha vikoba aliponiuliza kama alipie masomo ya mtandaoni, nilimpigia hesabu hiyo: karibu saa 50 za kukunja uso kwa miaka miwili na ushee ya makadirio, na hakukuwa na kundi la kulinganisha lisilofanya mazoezi. Kati ya waliojaribu, 11 waliishia njiani. Akacheka, akasema saa 50 ni debe ngapi za mahindi ya kupukuchua.

Kilichotokea kwa waliomaliza kinaeleweka. Umri hupunguza mafuta ya shavuni, msuli ukinenepa kidogo unajaza pengo. Lakini ngozi kulegea ni shauri la nyuzi za ndani ya ngozi yenyewe, na msuli hauzishoni upya. Hata mikunjo ya paji la uso inatokana na msuli kukunja ngozi mahali pale pale kila siku, na ndiyo maana sindano za botoksi hufanya kazi kwa kuulaza huo msuli. Ngozi nyeusi inachelewa kukunjamana, ni kweli, ila jua la huku juu mita 1,700 ni kali kuliko tunavyolihisi kwa sababu ya baridi. Anayelima viazi Uporoto akiwa na sweta na kichwa wazi ndiye nimwonyeshaye kofia kabla ya zoezi lolote.

Mpwa wangu sikumkataza kwa hoja hizi zote. Nilimwambia afungue mdomo aingize vidole vitatu vikiwa vimesimama kati ya meno ya mbele. Viliingia viwili, cha tatu kikagoma, na kiungo kilicho mbele ya sikio kikalia "ta". Akakiri kuwa mahindi ya kuchoma yamekuwa shida tangu mwezi uliopita. Bigijii tukaziweka kando, vyakula vigumu pia, na kitambaa cha maji moto jioni. Wiki ya tano vidole vitatu viliingia bila kelele.

Krismasi, baada ya ugali wa mama yake, mzani ulisoma kilo 69. Taya likawa limerudi kujificha lilikokuwa.