Hela imekatwa, haijafika: floti ya mitandao na muamala usiojulikana ulipo

«Nimetuma laki moja kwenda mtandao mwingine Jumamosi jioni. Kwangu imekatwa, kwa niliyemtumia haijaingia, huduma kwa wateja wananiambia nisubiri. Kwa nini wasiirudishe hapo hapo?»

Hapa kuna matatizo mawili yanayofanana kwa sura, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni floti kuisha. La pili ni muamala ambao hakuna anayejua umeishia wapi.

Tuanze na floti. Salio unaloliona kwenye simu ni maandishi ya kitabuni. Shilingi zenyewe zimelala benki, kwenye akaunti ya amana ya mtandao wako. Ukimtumia mtu wa mtandao huo huo, kitabu ni kimoja: mstari mmoja unapungua, mwingine unaongezeka. Ukivuka mtandao, vitabu ni viwili, na hakuna mwenye ruhusa ya kuandika kwenye kitabu cha mwenzake. Tanzania ilipoanza kuunganisha mitandao mwaka 2014, kwa Tigo, Airtel na Zantel, kisha M-Pesa ya Vodacom ikaingia 2016, njia iliyotumika ni makubaliano ya wawili wawili. Kila mtandao unaweka floti yake kwa mwenzake mapema. Ukituma, mtandao wako unakukata wewe, na mtandao wa pili unamlipa mpokeaji kutoka kwenye floti ambayo mtandao wako umeiweka kule. Ni uwakala ule ule wa kibandani, ila wateja wake ni kampuni.

Tuchukue tarakimu za mfano. Mtandao A umeweka shilingi milioni 400 kwa B, na B nao umeweka milioni 400 kwa A. Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku, wateja wa A wanatuma milioni 380 kwenda B, na wa B wanatuma milioni 290 kwenda A. Ukizikatanisha, A inadaiwa milioni 90 tu. Lakini floti haikatanishwi yenyewe, kwa kuwa hizi ni akaunti mbili tofauti. Floti ya A kule B imebaki milioni 20, na Jumapili asubuhi, watu wakituma ada na michango ya msiba, itakauka kabla ya saa nne. Kuijaza kunataka fedha halisi ihame kutoka benki moja kwenda nyingine, na malipo makubwa ya kati ya benki hupita TISS, mfumo uliojengwa kwa kufuata siku za kazi. Ndiyo maana wikiendi ndefu ya Pasaka au Idi ni mtihani kwa mweka hazina wa mtandao: akiweka kidogo, miamala inagoma, akiweka kingi, mamilioni yanakaa kwa mshindani bila kazi hadi Jumanne.

Floti ikiisha, dalili zake ziko wazi. Jina la mpokeaji linatokea kama kawaida, maana kuulizia jina hakugusi hela. Ukishaweka namba ya siri, jibu la kukataliwa linakuja haraka, na kama ulikatwa, hela inarudi ndani ya muda mfupi. Mitandao mingine inapokea vizuri, na hata yule wa kule anaweza kukutumia wewe. Njia iliyoziba ni ya upande mmoja tu.

Laki moja ya Jumamosi haifanani na hiyo. Ingekuwa imekataliwa, ingesharudi. Kilichotokea hapa ni kimya: mtandao wako umekukata, umepeleka agizo, umesubiri jibu kwa sekunde chache zilizopangwa, na jibu halikuja. Huenda agizo halikufika. Huenda lilifika, mpokeaji akawekewa hela, na kilichopotea njiani ni jibu tu. Huenda bado liko kwenye foleni. Ukiwa upande wa mtumaji, hali zote tatu zinaonekana sawa.

Wanaotaka irudishwe mara moja wana hoja nzito. Kosa si la mteja, na laki moja inaweza kuwa ndiyo dawa ya mgonjwa. Kampuni ina uwezo wa kubeba hasara ya miamala michache kuliko mama lishe. Tatizo ni kwamba ikirudishwa kwako na kumbe kule imeshaingia, laki moja imekuwa laki mbili, na pengo linakaa kwenye floti ya mtandao wako. Wajanja nao hawachelewi. Mwenye laini mbili akigundua kuwa mitandao ikiyumba hela inarudi bila kuulizwa, atajitumia mwenyewe mchana kutwa. Kwa hiyo kuushikilia muamala usiojulikana ni sahihi. Kisicho sahihi ni muda wa kuushikilia.

Kwa desturi, jibu la mwisho hupatikana kwenye usuluhishi wa hesabu: mitandao miwili inabadilishana orodha za miamala ya siku, inalinganisha namba moja moja, isiyooana inachunguzwa na mtu. Mtu huyo asipokuwa zamu Jumapili, laki yako inamngoja. Lakini mfumo ungeweza kuuliza wenyewe, kila baada ya dakika chache, «muamala namba hii umefikia wapi?» Jibu likiwa «umelipwa» au «umekataliwa», kazi imekwisha. Mtego uko kwenye jibu la tatu, «siujui», kwa sababu agizo lililo foleni linaweza kutua dakika moja baada ya wewe kurudishiwa. Dawa yake ni agizo kubeba saa yake ya kufa: likifika limechelewa, mtandao wa pili unalikataa. Hapo «siujui» baada ya saa hiyo inakuwa na maana ya «hapana», na kurudisha hela si kamari tena.

TIPS, swichi ya Benki Kuu ya Tanzania, inabadilisha sehemu kubwa ya haya, kwani mtandao unaunganishwa mara moja na katikati badala ya kufungana na kila mwenzake. Swichi ya namna hii ikipima kila mshiriki kwa tofauti ya alichotuma na alichopokea, A katika mfano wetu ingehitaji kufunika milioni 90, si 380. Na rekodi ya katikati inapunguza ubishi wa nani alisema nini. Lakini kuna bei. Floti ikiisha kwa B peke yake, A bado inawafikia wengine. A ikifikia kikomo cha deni lake kwenye swichi, inakatika kwa wote kwa pamoja. Swichi yenyewe ikilala, nchi nzima inahisi. Mimi bado naipendelea swichi, ila sioni sababu ya mitandao kuzing'oa njia za zamani haraka: njia ya pembeni yenye floti ndogo inafaa kubaki.

Kwako wewe uliyekatwa, usitume tena kwa njia ile ile wala nyingine hadi hali ya muamala wa kwanza ijulikane, maana yote miwili inaweza kutua. Mpokeaji aangalie salio na taarifa fupi ya miamala, asitegemee meseji, kwani meseji hupita njia yake na inaweza kuchelewa wakati hela imeshaingia. Pia akague kama akaunti yake imegonga kikomo cha salio. Hilo huleta kukataliwa, si kimya. Malalamiko yapeleke kwa mtandao uliokukata, ukiwa na namba ya muamala, saa na kiasi. Usiulize «hela yangu iko wapi», uliza «muamala huu umekataliwa, au haujapata jibu?» Wakisema umekataliwa, dai urudishiwe leo. Wakisema haujapata jibu, waulize usuluhishi unaofuata na mtandao ule ni wa siku gani, na uandike siku hiyo.