Fungua kola kwanza, kamba iache ukutani

Mwaka juzi mbwa wangu jike, Chausiku, aliumwa na nyoka kwenye mguu wa mbele akifukuza panya katika mabua ya mahindi nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Morogoro. Tulimfunga kamba ya katani juu ya jeraha, tukaikaza kwa nguvu zote, tukiamini tunaizuia sumu isipande moyoni. Kupata gari na kufika mjini kulichukua karibu saa tatu. Kamba ilipokatwa, mguu chini yake ulikuwa wa baridi na umebadilika rangi. Siku ya nne ulikatwa. Chausiku aliishi, lakini kwa miguu mitatu, na mimi naamini kabisa kwamba kamba yangu ilichangia kuuondoa mguu ule.

Nyoka mwenyewe alikuwa kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe: mfupi, mnene, mwenye alama kama mishale mgongoni. Ukimkaribia, mara nyingi hakimbii. Hulala kimya akitegemea rangi yake imfiche, na mbwa anayenusa hapa na pale humfikia pua kwa pua. Ndiyo maana mbwa wengi huumwa usoni au miguu ya mbele.

Sumu ya kifutu hula nyama pale ilipoingia na kuifanya mishipa midogo ya damu ivuje. Maji na damu hutoka kwenye mishipa, vikajaa kwenye uvimbe. Ukifunga kamba, unaibana sumu hiyo mahali pamoja iendelee kula sehemu ileile, na huku unaikatia damu safi. Uvimbe nao unaendelea kukua chini ya kamba, kwa hiyo kamba uliyoifunga kwa wastani inakuwa imekaza sana baada ya nusu saa bila mtu kuigusa. Ukija kuifungua kwa ghafla, sumu iliyokusanyika inaachiwa kwa mkupuo.

Sasa fikiria mbwa aliyeumwa usoni akiwa amevaa kola. Uvimbe hushuka kutoka puani hadi chini ya taya, kisha shingoni, na kola inafanya kazi ileile ya kamba, safari hii kwenye njia ya hewa. Watu wenye bidii ya kutafuta kamba mara nyingi huisahau kola.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Simba, dume la kilo 18 hivi. Ilikuwa saa 12 na robo jioni. Nilisikia amelia mara moja, nikamkuta anasugua mdomo kwa mguu, na kifutu yupo hatua mbili kutoka kwake. Nilimvuta mbwa kando, nikampiga nyoka picha moja kutoka mbali kwa simu, nikamwacha aende. Kumuua nyoka ili umpeleke kliniki ni njia ya kupata mgonjwa wa pili, maana hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma.

Nikafungua kola. Dakika tano baadaye upande wa kushoto wa mdomo ulikuwa umevimba kama embe dogo. Mzee jirani alikuja mbio na jiwe jeusi la nyoka. "Mwanangu, mbandike hili, litanyonya sumu yote." Nilimwambia, "Asante baba, lakini nawahi mjini." Jiwe lile ni mfupa uliochomwa. Hushika kwenye kidonda kwa sababu linanyonya unyevu, lakini sumu iliyodungwa ndani ya nyama halifikii. Vivyo hivyo kuchanja kwa wembe na kunyonya: unaongeza kidonda kwa mnyama ambaye damu yake huenda haigandi vizuri. Barafu pia hapana, maana inaumiza zaidi nyama ambayo tayari inakosa damu. Maziwa, mafuta ya taa na mayai mabichi havina kazi yoyote hapo, na mbwa mwenye mdomo uliovimba anaweza kupaliwa navyo.

Ninalogombana nalo zaidi ni vidonge vya maumivu vya nyumbani. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huumiza tumbo na figo za mbwa, na baadhi yake huzidisha kuvuja damu. Mnyama anaumia kweli, na kumwona ni kazi ngumu, lakini dawa ya maumivu achague daktari.

Kabla ya kuwasha gari nilipiga simu. Si kila kliniki ya mifugo ina seramu, ile dawa ya kuvunja nguvu za sumu ya nyoka, na ni bora kulijua hilo ukiwa nyumbani kuliko kuligundua mlangoni. Nilitaja saa aliyoumwa, sehemu, uzito wa mbwa na aina ya nyoka. Kisha nikambeba kwa shuka. Hakutembea hata hatua moja, kwa sababu misuli inayofanya kazi husukuma sumu iende haraka. Kijana wangu alikaa naye kiti cha nyuma, mbwa amelala ubavu, shingo imenyooka, madirisha wazi. Hatukumfunga mdomo, ingawa mbwa mwenye maumivu anaweza kumuuma hata mwenye nyumba. Kijana alikaa upande wa mgongo na kushika mabega kwa taulo.

Kazi yake njiani ilikuwa kuangalia. Kila dakika kumi alipiga picha ya uvimbe, ili daktari aone unavyokwenda. Aliinua mdomo wa juu upande usiovimba, akabonyeza ufizi kwa kidole na kuachia. Rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, na ufizi ukawa mweupe na miguu ya baridi, damu haimzunguki vizuri. Hakuna cha kufanya garini zaidi ya kumpigia daktari tena ili dripu iwe tayari.

Angekuwa koboko, ningekuwa na hofu nyingine. Sumu yake hulegeza misuli: mbwa anayumba, kope zinashuka, mate yanatoka, kisha kifua kinasimama, na haya yanaweza kutokea haraka huku uvimbe ni mdogo. Hapo unafunga mdomo wake kwa mkono na kupuliza puani pumzi moja kila sekunde sita, ukiona kifua kinapanda, bila kuacha mpaka mfike. Fira anayetema sumu machoni ni jambo jingine tena: maji safi mengi, yakitiririka jichoni kwa dakika 15 au zaidi, ndipo uondoke.

Tulifika baada ya dakika 50. Daktari aliingiza dripu, akatoa dawa ya maumivu, kisha akaweka damu kidogo kwenye kichupa cha kioo kilicho safi na kikavu, akakiacha dakika 20 bila kukigusa. Alipokiinamisha, damu ilikuwa bado inatiririka, ishara kwamba haigandi. Akaanza seramu, chupa mbili za mililita 10, polepole kupitia mshipa, macho yakiwa kwa mbwa muda wote, kwa sababu seramu yenyewe inaweza kumletea mbwa mzio mkali. Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaotaka kuiweka nyumbani na kujidungia wenyewe. Kipimo chake nacho hakifuati uzito wa mbwa bali sumu iliyoingia, kwa hiyo mbwa mdogo huweza kuhitaji chupa nyingi kuliko mkubwa.

Bei yake inauma. Usipoimudu, mpeleke hivyohivyo, kwani dripu, dawa ya maumivu na uangalizi wa usiku huwaokoa wengi walioumwa na kifutu.

Simba alilala kliniki siku tatu. Wiki iliyofuata kipande cha ngozi chini ya mdomo kilimbanduka, tukawa tunakiosha kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Kola nilimrudishia siku ya 14, baada ya kuona vidole viwili vinapita chini yake bila kubanwa.