Kifurushi Kilichofika Kabla ya Kuondoka

Mfanyakazi wa bohari anapopitisha skana kwenye msimbopau wa kifurushi, ukurasa wa ufuatiliaji unatakiwa ubadilike, mpokeaji apate SMS na ankara iandaliwe. Mfumo wa kawaida huziita huduma hizo moja baada ya nyingine na kusubiri kila moja ijibu. Huduma ya SMS ikikwama, skana nayo inakwama, na vifurushi vinarundikana kwa ajili ya ujumbe ambao ungeweza kungoja.

Usanifu wa matukio unaondoa utegemezi huo. Skana inakuwa mchapishaji: inatangaza jambo lililokwisha kutokea, inalikabidhi kwa broka, yaani programu inayopokea matukio na kuyagawa, kama Kafka au RabbitMQ, kisha inaendelea na kazi.

```json
{"id": "e-731", "kifurushi": "KF-2048",
 "aina": "KimetokaBohari",
 "wakati": "2025-03-04T08:10:00+03:00"}
```

Huduma zile ni wafuatiliaji, na kila mmoja husoma kwa kasi yake. Huduma ya SMS ikizimika saa nzima, ikiwaka inaanzia ilipoishia. Ukihitaji kitengo cha takwimu, unaongeza mfuatiliaji mwingine bila kugusa programu ya skana. Kwa kazi ya ufuatiliaji, hoja hii naiunga mkono kabisa.

Gharama yake huonekana pale mtandao unapokatika. Tuseme skana ya bohari ilisoma KF-2048 saa 2:10 asubuhi ikiwa haina mtandao. Saa 3:40 dereva akakabidhi mzigo, na simu yake ikatuma `Kimefikishwa` papo hapo. Saa 4:00 skana ikapata mtandao, ikatuma tukio lake la zamani. Mfuatiliaji anayeamini tukio lililoingia mwisho atamwambia mteja aliyeshika mzigo mkononi kwamba ndio kwanza umetoka bohari.

Wengi hudhani Kafka italitatua hilo, kwa kuwa hutunza mpangilio ndani ya kizigeu kimoja, yaani sehemu moja ya foleni yake. Ni kweli, lakini unaotunzwa ni mpangilio wa kuingia kwenye broka, si wa kutokea. Kulinganisha `wakati` kunasaidia, ila saa za vifaa hupishana. Kwa hiyo naongeza kanuni: `Kimefikishwa` hakifutwi na tukio la hatua ya nyuma, hilo huingia kwenye historia tu.

Tukio laweza pia kuja mara mbili, maana mfuatiliaji akianguka baada ya kutuma SMS lakini kabla ya kuthibitisha, broka hulileta tena. Dawa ni kuhifadhi `id`, ili tukio likirudi lirukwe. Ukiihifadhi kabla ya kutuma, hata hivyo, anguko la katikati litaacha SMS isitumwe kamwe. Kwa SMS, nachagua irudiwe. Kwa ankara, sikubali, hivyo `id` na ankara huhifadhiwa katika muamala mmoja wa hifadhidata: ama vyote viingie, ama kisiingie chochote.

Kuna mahali matukio hayafai: mlangoni, mpokeaji anapotaja namba ya siri. Dereva anahitaji ndiyo au hapana kabla hajaachia mzigo, na hapo wito wa moja kwa moja, pamoja na kusubiri kwake, ndio sahihi.