Kampuni imefutwa, deni limebaki wapi?

"Niliiuzia nondo kampuni moja ya ujenzi hapa Dar mwaka 2021, ikabaki inadaiwa milioni 14. Sasa naambiwa imefungwa. Je, hela yangu ndiyo imeondoka hivyo?"

Bado mapema kusema hivyo. Neno "imefungwa" hubeba mambo mawili yasiyofanana. Kampuni inaweza kuwa imefilisiwa: mfilisi aliteuliwa, akakusanya mali, akaita wadai, akalipa alichoweza, kisha kampuni ikavunjwa. Au imefutwa tu kwenye daftari la BRELA, wakala wa Serikali wa kusajili kampuni, kwa sababu haikuleta ritani za mwaka na barua za msajili hazikujibiwa. Kwa njia hii ya pili hakuna aliyehesabu mali wala kuuliza nani anadai.

Kwa hiyo anza na jalada. Kwenye ankara za zamani tafuta mhuri wenye jina kamili na namba ya usajili, kwa kuwa jina la kwenye bango mara nyingi si la kampuni. Likiwa ni jina la biashara tu, hapo hakuna kampuni ya kufutwa: unamdai mwenye jina hilo moja kwa moja. Ukishapata namba, omba BRELA taarifa rasmi ya upekuzi. Usiridhike na kutafuta mtandaoni peke yake. Mfumo wa BRELA wa usajili mtandaoni, ORS, ulianza 2018, na kampuni za kabla ya hapo zilitakiwa kuhuisha taarifa zao humo. Ambazo hazikufanya hivyo huenda usizione kabisa, ilhali jalada la karatasi lipo. Tangazo la kufutwa hutoka kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo ukiwa na tarehe unaweza kulifuatilia toleo lenyewe. Kama ufilisi ulipitia mahakamani, jalada liko Mahakama Kuu.

Ndani ya jalada mimi husoma mambo matatu kabla ya mengine: hisa zililipiwa au bado, rehani zilizosajiliwa, na anwani ya ofisi. Anwani hiyo inaeleza mengi. Nimeona majalada ambayo barua zote za msajili zilikwenda kwenye sanduku la posta ambalo kampuni ililiacha miaka mingi nyuma.

Wapo wanaoona ufutaji huu unawaonea wadai, na nawaelewa. Mali iliyobaki kwa jina la kampuni iliyovunjwa huhesabika haina mwenyewe na kuangukia Serikali, na wewe mwenye ankara huna wa kumshtaki. Lakini msajili naye hawezi kuacha daftari lijae kampuni zilizobaki majina, maana mtu anayekagua mshirika wake wa biashara analitegemea daftari hilo hilo. Tena sheria imeacha mlango: mdai anaweza kuiomba mahakama iirudishe kampuni, na ikirudishwa huhesabika kana kwamba haikuwahi kufutwa. Dhima ya wakurugenzi na wanahisa, kama ilikuwepo, nayo haifutiki.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Dhima hiyo si deni la kampuni kuhamia kwa mkurugenzi. Utambana yeye binafsi kama aliweka sahihi ya udhamini au alifanya udanganyifu, na mwanahisa utambana kwa hisa ambazo hakuzilipia. Nje ya hayo, anayedaiwa ni kampuni, nayo hulipa kwa mali yake tu.

Sasa tuipime milioni 14 yako. Tuseme upekuzi unaonyesha kampuni ilifutwa bila mfilisi, na hati ya kiwanja cha Kigamboni bado ina jina lake bila rehani yoyote. Hapo ningekushauri umwone wakili ufungue maombi ya kuirudisha, kwa sababu kuna kitu cha kukamata. Lakini kama kiwanja kina rehani ya benki inayokaribia thamani yake, benki itachukua kwanza, na mishahara na kodi za Serikali hutangulia wadai wa kawaida kama wewe. Ukishinda hapo utabaki na hukumu mkononi na bili ya wakili. Na kama mfilisi alikwishamaliza kazi na hukupeleka madai yako kwake, nafasi ni finyu zaidi. Mwandikie kwanza umuulize kilibaki nini kabla hujatumia shilingi mahakamani.

Jambo la kufanya wiki hii ni kuhesabu muda. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu siku malipo yalipopaswa kufanyika, kwa hiyo ya 2021 yanafika ukingoni 2027. Kusubiri kampuni irudishwe hakukupi ruhusa ya kulala. Tafuta ankara, hati ya kupokelea mzigo yenye sahihi ya mtunza stoo wao, na ujumbe wowote ambao mkurugenzi alikiri deni kwa maandishi. Kukiri kwa maandishi na sahihi kabla muda haujaisha huanzisha hesabu upya, na karatasi hiyo moja ndiyo wakili atakayoiulizia mwanzo.