Kidonge cha usiku hakitibu yote mawili

Ukiuza dawa hapa Kisumu, utazoea kusikia kwamba kila kichwa kinachouma ni malaria au ni presha. Siwalaumu watu, maana ukanda huu wa ziwa malaria ni ya kweli, na presha nayo imejaa. Lakini mtu akipimwa malaria ikakosekana, presha ikawa sawa, na kichwa bado kinamgonga upande mmoja, anatapika na hataki kuona mwanga, mara nyingi huambiwa, "Mama, ni mawazo, punguza mawazo." Kisha anarudishwa nyumbani hivyo hivyo, bila tiba ya kichwa wala ya hayo mawazo.

Kichwa cha namna hiyo mara nyingi ni kipandauso, nacho huitwa sugu pale kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa na dalili za kipandauso chenyewe. Watu wa kundi hili huandamwa sana na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta sonona kwa karibu watu 30 kati ya kila 100 wenye kipandauso sugu. Kwa wale ambao kichwa chao huja na kupotea, ilikuwa kama 17. Tena njia yenyewe ni ya pande mbili: kipandauso huongeza uwezekano wa kupata sonona, na sonona huongeza uwezekano wa kipandauso kuanza au kuwa sugu.

Sehemu ya sababu iko ubongoni. Serotonini na kemikali nyingine zinazosaidia ubongo kupunguza makali ya maumivu ndizo zinazoshughulika pia na hisia na usingizi. Kuna na la kurithi. Ila sababu ninayoiona zaidi nikiwa kaunta ni hofu, na nitaieleza kupitia mteja wangu mmoja, fundi cherehani wa Kibuye, aliyenikubalia nimsimulie bila kumtaja.

Alikuwa akinunua dawa ya maumivu ya mchanganyiko, ile yenye kafeini ndani, kila baada ya siku chache. Nikampa kalenda ya ukutani na kazi ndogo: kichwa kikiuma sana aweke X, kikiuma kidogo apige mstari, na siku akimeza dawa azungushe tarehe. Mwezi ulipoisha tulihesabu siku 22 za kichwa, 9 kati yake zikiwa na X. Tarehe zilizozungushwa zilikuwa 19. Lakini zilizonishangaza ni tano zilizozungushwa bila alama nyingine yoyote.

"Hizi je, mama?"

"Siku hizo hakikuniuma, daktari. Lakini nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Nikaogopa kitaniumia njiani."

Huo ndio wasiwasi wenyewe, umechorwa kwa kalamu. Na una gharama yake. Dawa za mchanganyiko zikimezwa siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe zinaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa parasetamoli peke yake kiwango ni siku 15. Basi hofu inamezesha dawa, dawa inazidisha kichwa, na kichwa kinaipa hofu sababu. Ukimwambia mtu wa namna hii aache vidonge bila kuigusa hofu, atarudi kaunta kabla ya wiki kuisha, kwa kuwa siku za kwanza za kuacha, kati ya 2 na 10 hivi, kichwa huwa kibaya zaidi.

Hospitali aliyokwenda ilimwandikia amitriptilini, miligramu 25 kila usiku. Ni chaguo zuri kwa kichwa, na ni dawa ya bei nafuu. Baada ya miezi miwili siku za maumivu zilikuwa zimepungua hadi 13. Kila mtu alifurahi isipokuwa yeye. Alikuwa akikataa kazi, kwaya ameacha, na binti yake ndiye anayefungua duka. Nilipouliza kama kliniki inajua, aliniambia walimjibu kwamba dawa hiyo ni ya sonona pia, kwa hiyo itamsaidia kote.

Hapa ndipo wengi hupotea. Ni kweli amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona, lakini kiwango ndicho kinachoamua. Kwa kipandauso huanzia miligramu 10 na kwa kawaida haivuki 75. Kwa sonona, mtu mzima kwa kawaida huhitaji kati ya 75 na 150. Miligramu 25 zinaweza kutuliza kichwa na kumletea usingizi, huku sonona ikikaa palepale. Na kuipandisha si rahisi: mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, uzito unaongezeka, na moyo unaweza kusumbuliwa. Zaidi ya hayo, ni dawa hatari sana ikimezwa kwa wingi. Mimi kumpa mtu mwenye sonona dawa ya miezi mitatu kwa mkupuo, bila yeyote kumuuliza kama amewahi kufikiria kujiua, sikubali. Nitampa ya wiki mbili, na swali nitamuuliza mimi. Anayeelemewa usiku apige 1199, namba ya Msalaba Mwekundu Kenya.

Tulijaza fomu ya PHQ-9, yenye maswali tisa ya kupima sonona, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3. Alipata 14, na kuanzia 10 mtu anastahili kuchunguzwa zaidi. Mkosoaji atasema usingizi mbaya, uchovu na kushindwa kutulia vinaweza kuletwa na kichwa chenyewe, na yuko sahihi. Ndiyo maana mimi huongeza swali langu: siku ambayo kichwa hakiumi kabisa, unakuwaje? Alijibu, "Nakaa tu mbele ya cherehani. Kitambaa nakiona, mkono hauendi." Hilo kichwa hakiwezi kulieleza.

Aliandikiwa rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Huko walimwondoa kwenye amitriptilini taratibu na kumhamishia venlafaksini, ambayo kwa kiwango cha miligramu 75 hadi 150 inaweza kusaidia sonona na wasiwasi, na huzuia kipandauso kwa baadhi ya watu. Presha yake hupimwa kila anaporudi, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuipandisha. Alipata pia vikao vya ushauri, na kazi kubwa ya huko ilikuwa zile siku za kumeza kwa hofu. Vidonge vya maumivu aliwekewa mpaka wa siku mbili kwa wiki. Katika mwezi wa nne kalenda ilikuwa na siku 8 za kichwa, na hakuna tarehe iliyozungushwa peke yake. Hajapona kabisa. Bado analalamikia bei ya dawa mpya, na ana haki.

Kuna na upande wa pili wa kosa hili: kliniki ya akili isiyouliza kichwa, au ya kichwa isiyouliza sonona kabla ya kuandika dawa. Flunarizini haifai kwa mwenye sonona. Topiramati, dawa nyingine ya kuzuia kipandauso, inaweza kumshusha mtu moyo. Kwa hiyo ukiandikiwa mojawapo, sema mwenyewe kabla hujatoka chumbani kama uliwahi kuwa na sonona, hata kama hujaulizwa. Na ukiwa na kalenda, ibebe na uiweke mezani kabla daktari hajauliza kuhusu malaria.