Sura na Aya Bila Toleo

“Zaburi 51:7 ni Zaburi 51:7 popote ulipo. Sasa msimamizi wangu ananidai nitaje tafsiri, mwaka na toleo. Huku si kusumbuana tu?”

Swali hili lina haki yake, na wanaoliuliza si wavivu. Namba za sura na aya zilibuniwa ili msomaji asihangaike na kurasa. Robert Estienne alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1551 na kulitia namba za aya, alimpa kila msomaji anwani ambayo haitegemei ukubwa wa kitabu wala aina ya chapa. Ndiyo maana hakuna anayetaja ukurasa wa Biblia. Na kweli, makala yenye nukuu 40, kila moja ikifuatwa na jina la tafsiri na la mchapishaji, inachosha kuisoma.

Basi tuichukue hiyo hiyo Zaburi 51:7. Niliwahi kupewa makala niipitie kabla haijachapwa, na mwandishi wake alikuwa akijadili dhana ya mtu kuzaliwa katika dhambi. Alitegemea kitabu cha ufafanuzi kilichosema kwamba kiini cha hoja kiko 51:7. Akaifungua Union Version, tafsiri ya Kiswahili ya 1952, akanakili aya ya 7: “Unisafishe kwa hisopo nami nitakuwa safi.” Kisha akaandika aya mbili nzuri za kueleza jinsi hisopo inavyothibitisha kwamba binadamu huzaliwa na doa.

Tatizo ni kwamba mfafanuzi yule alikuwa akifuata namba za Biblia ya Kiebrania. Humo, kichwa cha zaburi, kile kinachomtaja mwimbishaji, Daudi na ujio wa nabii Nathani, kinahesabiwa kuwa aya ya 1 na ya 2. Union Version hukiacha kichwa bila namba. Aya aliyoikusudia mfafanuzi, inayosema kwamba mama alichukua mimba hatiani, kwenye Union Version ni 51:5. Na angetumia kitabu kinachofuata Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, au Vulgata ya Kilatini, angeikuta 50:7, kwa sababu huko Zaburi ya 9 na ya 10 zimeunganishwa kuwa moja, na nyingi zinazofuata zimerudi nyuma namba moja.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba kosa lile halikujionyesha. Namba ya ukurasa ikikosewa, msomaji anafika mahali pasipohusika kabisa na anajua papo hapo kwamba kuna kasoro. Namba ya aya ikikosewa kwa moja au mbili, anaangukia jirani. Jirani huyo anazungumza lugha ileile, dhambi, kuoshwa, toba, na mada inaonekana kuendelea vizuri. Wasomaji wawili walikuwa wameipitia makala ile kabla yangu. Siwalaumu, maana hata mimi niligundua kwa bahati tu, kwa kuwa kitabu cha ufafanuzi kilikuwa mezani.

Kwenye Kurani mtego ni wa aina hiyohiyo. Hesabu iliyoenea leo ni ya mji wa Kufa, yenye aya 6,236. Kwa hesabu hiyo, aya ya kutolazimishana katika dini ni 2:256. Lakini tafsiri ya Kiswahili ya Waahmadiyya ya mwaka 1953, kama tafsiri zao nyingine, huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya kila sura inayoanza nayo, kwa hiyo humo ni 2:257. Msomaji mwenye tafsiri ya Barwani akiifuata 2:257 anakutana na aya ya Mwenyezi Mungu kuwa Mlinzi wa walioamini. Bado ni imani na ukafiri, bado inafanana na mada. Atadhani mwandishi ameielewa aya kwa namna ya ajabu, kumbe wanasoma aya mbili tofauti.

Na usidhani dawa ni kupunguza moja kila mahali. Al-Fatiha haibadiliki, kwa kuwa hesabu ya Kufa nayo inaihesabu Bismillahi humo. At-Tawba haibadiliki, kwa kuwa haianzi nayo. Zaburi ni vivyo hivyo: ya 51 inasogea kwa aya mbili, ya 3 kwa moja, na ya 23 haisogei, kwani kichwa chake kimo ndani ya aya ya 1. Kinachosaidia ni kutazama namba ya mwisho. Al-Ikhlas ikiishia 4, Bismillahi haijapewa namba humo. Ikiishia 5 kwa sababu Bismillahi imepewa namba, unajua ulipo. Zaburi 51 ikiishia 19, una mpangilio wa Union Version. Ikiishia 21, umeshika wa Kiebrania.

Wanaodai toleo, basi, hudhaniwa kuwa watu wa nukta na mkato, ilhali wanachotaka kujua ni ramani ipi ilitumika kuandika anwani. Hata hivyo miongozo yenyewe ya kunukuu haikubaliani: APA inataka tafsiri iliyotumika iwekwe kwenye orodha ya marejeo, na Chicago kwa kawaida inatosheka nayo ndani ya matini au kwenye tanbihi. Fuata wa chuo chako. Hapo sioni la kugombania.

Pale ninapoungana na muulizaji ni kwenye wingi. Tafsiri haihitaji kutajwa kila mara. Tanbihi moja kwenye nukuu ya kwanza inabeba karibu mzigo wote: “Nukuu za Biblia zimetoka Union Version (1952), isipokuwa palipotajwa vinginevyo. Namba za aya ni za tafsiri hiyo. Za Kiebrania zimo kwenye mabano zinapotofautiana.” Baada ya hapo unaandika Zab 51:5 (Kiebrania 51:7) na kuendelea na kazi. Angalia tu mwaka: uliochapwa ukurasa wa ndani mara nyingi ni wa nakala kuchapwa upya, na nimeona tafsiri ya 1952 ikijadiliwa kama Kiswahili cha miaka ya karibuni kwa sababu hiyo.

Kuna pia wanaoelewa uthabiti kuwa ni kung’ang’ania tafsiri moja mwanzo hadi mwisho. Hili nalipinga. Katika Isaya 7:14 Union Version inasema “bikira”, ikifuata njia ya neno la Kigiriki la Septuaginta, wakati neno la Kiebrania, alma, lina maana pana zaidi, yaani mwanamwali. Makala inayochambua neno hilo haiwezi kutegemea tafsiri moja. Itaje nyingine, au mwandishi atafsiri mwenyewe na kuandika “tafsiri yangu” kando ya nukuu. Kasoro huanza pale anapohama kimyakimya, akichukua tafsiri hii kwa sababu inaikubali hoja yake na kuiacha ile kwa sababu inaikataa, huku tanbihi ya ukurasa wa kwanza ikiendelea kusema ametumia moja.

Makala ile ya hisopo ilirudishwa kwa mwandishi. Alibadilisha 7 kuwa 5, akaongeza tanbihi, na zile aya mbili za hisopo akazifuta zote.