Karakana ya Ngamiani inalipa zaidi kuhesabu kodi kuliko kodi yenyewe

Chukua karakana ya samani pale Ngamiani, Tanga, inayochonga madawati kwa mbao za mitiki kutoka Longuza. Wenye karakana ni wawili, na wamesajili kampuni BRELA ili waombe zabuni. Hapo ndipo mzigo unapoanza, kwa sababu kodi ya makadirio inayotozwa kwa mauzo ya wafanyabiashara wadogo ni ya mtu binafsi tu. Kampuni, hata ikiwa na randa moja, haimo.

Sasa wanatakiwa kupeleka makadirio ya mapato TRA, kulipa kwa awamu nne, kukata kodi ya zuio kwenye pango la fremu, kisha ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha wawasilishe ritani yenye hesabu zilizothibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa. Kampuni ya mabilioni inapita hatua hizo hizo.

Tupige hesabu ya mfano. Karakana inauza milioni 60 kwa mwaka, na faida kabla ya gharama za kihasibu ni milioni 6. Mtunza vitabu wa kuja na kuondoka analipwa 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka. Mhasibu wa kuthibitisha hesabu anataka 800,000. Jumla 1,760,000. Faida inayobaki ni 4,240,000, na kodi ya asilimia 30 ni 1,272,000. Kuitayarisha kodi kumegharimu kuliko kodi.

Kampuni yenye mauzo na faida mara mia inaajiri mhasibu wa milioni 2 kwa mwezi na kulipia ukaguzi milioni 12. Hiyo ni milioni 36, asilimia 0.6 ya mauzo. Kwa karakana ni karibu asilimia 3. Kazi haiongezeki mara mia kwa sababu mauzo yameongezeka mara mia: ritani ni ile ile, tarehe ni zile zile. Na sijahesabu siku ambazo fundi anaacha randa kutafuta risiti za EFD zilizofifia kwa joto.

Adhabu nazo zinaegemea upande huo huo, na hili linaniumiza zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 ilitoza ritani iliyochelewa, kwa kila mwezi, kiasi kilicho kikubwa kati ya asilimia 2.5 ya kodi iliyobaki na kiwango maalumu, ambacho kwa kampuni kilikuwa 225,000. Asilimia 2.5 haikufika hapo mpaka deni liwe milioni 9. Karakana yenye deni la 200,000 ingedaiwa 5,000 kwa asilimia, lakini ingetozwa 225,000, zaidi ya deni lenyewe, ndani ya mwezi mmoja.

Kinachotakiwa hakihitaji kugusa viwango vya kodi. Kampuni zenye mauzo chini ya milioni 100 ziruhusiwe kutumia utaratibu wa mtu binafsi, na adhabu ya chini isizidi kodi inayodaiwa.